Barua ya kuacha kazi kwa nesi anayeenda kusoma: kuhesabu notisi, kushukuru vizuri na kuikabidhi

Barua yangu ya kwanza ya kuacha kazi niliiandika saa nne usiku baada ya shifti ya jioni, ukurasa mzima, nikamshukuru kila mtu mpaka walinzi wa geti, afu kwenye kuaga nikaandika "natarajia kuondoka mwezi ujao". Basi. Matroni akaisoma akafurahi sana, akanikumbatia, na wiki mbili baadaye rosta ikabandikwa ukutani mimi nina nait mpaka tarehe 30 wakati chuo kinataka niripoti tarehe 27. Hakuna aliyenionea. "Mwezi ujao" kwa anayepanga rosta ni mpaka mwezi uishe, na mimi sikuandika tarehe. Ikabidi nikaandike barua nyingine, na safari hii nilikaa na mkataba wangu mkononi mstari kwa mstari. Tangu hapo nimesaidia manesi wenzangu kadhaa kuandika za kwao, na karibu wote wanakwama palepale nilipokwama mimi, shukrani zinawajaa lakini tarehe haionekani.

Haya ninayoandika hapa yanamhusu nesi wa Tanzania aliyeajiriwa hospitali binafsi au ya misheni, mwenye diploma, anayeenda kuchukua digrii ya uuguzi muda wote. Kama uko serikalini njia yako ya kawaida sio kuacha kazi, ni kuomba ruhusa ya masomo kupitia kwa mwajiri wako ubaki na ajira yako, kwa hiyo usichukue barua hii ukaipeleka kwa mkurugenzi kabla hujauliza ofisi ya utumishi. Na hata wewe wa binafsi uliza kwanza kama hospitali inatoa ruhusa ya masomo bila malipo, zipo zinazotoa, ukishaacha kazi huwezi kurudi nyuma ukaomba ruhusa.

Kabla hujagusa kalamu

Toa mkataba wako ulipo, sio kuukumbuka kichwani, utoe. Unatafuta vitu vitatu.

Cha kwanza ni aina ya mkataba. Kama ni wa kudumu, yaani hauna tarehe ya kuisha, unaweza kuacha kazi kwa kutoa notisi na hakuna anayeweza kukuzuia. Kama ni wa muda maalum, mfano miaka miwili miwili kama hospitali nyingi za misheni zinavyofanya, hapo mambo ni tofauti na wengi hawajui. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinasema mwenye mkataba wa muda maalum haachi katikati kwa kujiamulia, labda mwajiri awe amevunja mkataba vibaya. Kinachobaki ni makubaliano. Kwa hiyo barua yako haitakuwa ya kutoa taarifa, itakuwa ya kuomba kusitisha mkataba kwa makubaliano, na unahitaji jibu la maandishi lenye saini ndo uondoke. Kama mkataba wenyewe una kifungu kinachoruhusu upande wowote kuuvunja kwa notisi, kitaje kifungu hicho kwa namba yake. Na kama umebakiza miezi miwili tu mkataba uishe na chuo kinaanza baadaye, acha uishe wenyewe, andika tu kwamba hutaongeza.

Cha pili ni urefu wa notisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 41, inasema anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi isiyopungua siku 28. Mkataba unaweza kuweka ndefu zaidi, mwezi mmoja, hata miezi mitatu, ila lazima iwe sawa kwa pande zote mbili, yaani kama wewe unadaiwa miezi mitatu na yeye mwajiri anadaiwa miezi mitatu. Notisi iwe kwa maandishi na iwe na tarehe iliyotolewa. Kumwambia inchaji koridoni wakati wa kukabidhi zamu sio notisi.

Cha tatu ni madeni ya utumishi. Kama hospitali ilikupeleka kozi, labda miezi mitatu ya huduma kwa watoto wachanga au ya mashine za usafishaji damu, angalia kama ulisaini karatasi ya kuahidi kukaa muda fulani baada ya kozi. Karatasi hiyo mara nyingi iko kwenye faili lako tu na wewe umeshaisahau, na inaibuka siku unayodai mafao. Ukiikuta, nenda ukaongee kabla ya barua, ujue unadaiwa kiasi gani na unalipaje. Vilevile mkopo wa Saccos au wa benki unaokatwa kwenye mshahara, ule hautaisha kwa sababu umeenda chuo.

Na la mwisho hapa, admishini. Usiandike barua kwa sababu jina limetoka kwenye orodha. Kama umechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja unatakiwa kuthibitisha kimoja kwa ile namba ya siri unayotumiwa, usipothibitisha nafasi inaweza kupotea. Subiri uthibitishe, upate barua ya udahili yenye tarehe ya kuripoti, ujue na ada ya muhula wa kwanza inatoka wapi. Nimemwona dada aliyeacha kazi kwanza afu mkopo ukatoka pungufu, akabaki hana kazi hana chuo mwaka mzima, iliniuma sana.

Kuhesabu siku kurudi nyuma

Watu wengi wanaanza na leo halafu wanahesabu kwenda mbele. Wewe anza na siku ya kuripoti chuo halafu rudi nyuma. Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho ili uone namba zinavyokaa.

Nesi wetu yuko wodi ya wazazi, hospitali ya misheni mjini Moshi, aliajiriwa tarehe 1 Februari 2020 kwa mkataba wa kudumu, notisi mwezi mmoja. Anaripoti chuo Jumatatu tarehe 27 Oktoba 2025. Anataka siku kama kumi hivi za kufanya kliaransi, kufunga nyumba, kusalimia nyumbani na kusafiri. Kwa hiyo siku ya mwisho ya kazi iwe Jumatano tarehe 15 Oktoba. Rudi nyuma mwezi mmoja, barua iwe imepokelewa ofisini kabla au ifikapo Jumatatu tarehe 15 Septemba. Siku ya kukabidhi barua mimi siihesabu, naanza kuhesabu kesho yake, tarehe 16, ukihesabu hivyo mpaka tarehe 15 Oktoba unapata siku 30 kamili, umetimiza mwezi wa mkataba na umevuka zile 28 za sheria. Hizi ni siku za kalenda, Jumapili na sikukuu zimo, sio siku za shifti.

Sasa likizo, hapa ndo watu wanaumia. Utasikia "mi nina likizo yangu, naikata kwenye notisi, nafanya wiki mbili tu naondoka". Sheria inasema notisi haitolewi ukiwa kwenye likizo ya mwaka na wala haitembei sambamba nayo. Mwajiri akikubali kwa maandishi kukuachia siku ni jambo lake, lakini usiipange hesabu yako juu ya hilo, kwa sababu akikataa unakuwa umeshapungukiwa siku. Unachofanya ni kimoja kati ya viwili, ama uende likizo kwanza, urudi kazini, ndo utoe notisi, ama ufanye notisi yote na siku za likizo zilizobaki ulipwe.

Kwa nesi wetu likizo ya mwaka ni siku 28 na mzunguko wake unaanza kila tarehe 1 Februari. Toka hapo mpaka tarehe 15 Oktoba ni siku 257. Sheria inahesabu siku moja ya likizo kwa kila siku 13, kwa hiyo 257 gawa kwa 13 unapata karibu siku 20. Mwezi wa sita alichukua siku 14, zimebaki kama 6 za kulipwa. Sio hela ya kujenga nyumba lakini ni nauli na godoro la hosteli, usiiache. Likizo za miaka ya nyuma ambazo hukuzichukua bila sababu usizitegemee sana, madai hayo ni magumu.

Mwambie matroni kabla ya karatasi

Barua isimfikie matroni kama habari ya kushtukiza. Yeye ndo atapanga rosta bila wewe, yeye ndo atapigiwa simu chuo au hospitali nyingine ikitaka kujua ulikuwa mtu wa namna gani. Nenda siku moja au mbili kabla, asubuhi baada ya ripoti, sio katikati ya raundi, na nenda na tarehe zako zote kichwani.

Mazungumzo ya nesi wetu yalikuwa mafupi.

"Shikamoo matroni."

"Marahaba mwanangu, mbona umebaki? Si umetoka nait, nenda kalale."

"Nimepata chuo matroni. Digrii ya uuguzi. Naripoti tarehe 27 mwezi wa kumi, nataka nilete barua Jumatatu, siku yangu ya mwisho iwe tarehe 15."

Akanyamaza kidogo, akafungua daftari lake la rosta. "Unaniacha na watu wanne leba. Haya. Hongera mama. Leta mapema ili nimwombe mganga mfawidhi mtu mwingine."

Hakuna cha zaidi. Usiombe ruhusa ya kuacha kazi, unamheshimu kwa kumpa habari mapema. Ukianza kusema "sijui kama utakubali" unamfungulia mlango wa kukuambia subiri mpaka Januari, na wewe Januari una mitihani.

Barua yenyewe

Ukurasa mmoja. Andika kwa lugha ambayo ofisi yenu inatumia kwenye barua zake, kama mkataba na barua zote ni za Kiswahili andika Kiswahili. Ielekeze kwa aliyesaini barua yako ya ajira au cheo chake, mara nyingi ni mganga mfawidhi au mkurugenzi wa hospitali, ipitie kwa matroni, nakala iende utumishi. Ukiielekeza kwa matroni peke yake inaweza kukaa kwenye droo yake na siku zako zikaleta ubishi.

Hii hapa nzima, badilisha ya kwako:

> (Jina lako kamili)
> Afisa Muuguzi Msaidizi, Wodi ya Wazazi
> S.L.P. ……, Moshi
>
> 15 Septemba 2025
>
> Mganga Mfawidhi,
> Hospitali ya ……,
> S.L.P. ……,
> MOSHI.
>
> Kupitia kwa: Matroni wa Hospitali
>
> YAH: TAARIFA YA MWEZI MMOJA YA KUACHA KAZI KWA AJILI YA MASOMO
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Natoa taarifa ya mwezi mmoja ya kuacha kazi, kama mkataba wangu wa ajira wa tarehe 1 Februari 2020 unavyotaka. Notisi inaanza kuhesabiwa tarehe 16 Septemba 2025 na siku yangu ya mwisho ya kazi ni Jumatano, tarehe 15 Oktoba 2025.
>
> Nimepata nafasi ya kusoma Shahada ya Uuguzi, masomo ya muda wote, na natakiwa kuripoti chuoni tarehe 27 Oktoba 2025. Nakala ya barua ya udahili nimeiambatanisha.
>
> Naushukuru uongozi wa hospitali kwa kunipokea mwaka 2020 nikiwa nimetoka chuoni bila uzoefu wa leba. Kujaza partografu na kuamua kwa kuitazama, kumsaidia mtoto asiyelia apumue ndani ya dakika ya kwanza, na kusimama na mama anayetoka damu mpaka itulie, yote nimejifunza katika wodi hii. Namshukuru pia Matroni, ambaye mwaka jana alinipangia shifti za mchana nilipokuwa narudia mitihani ya kuongeza alama za kujiunga na chuo. Bila hilo nafasi hii nisingeipata.
>
> Katika kipindi cha notisi nitafanya shifti zote nitakazopangiwa, na nitakabidhi kwa maandishi vifaa na rejesta zilizo chini yangu kwa mtu atakayeteuliwa.
>
> Naomba nifahamishwe utaratibu wa kukabidhi, na niandaliwe mshahara wa siku nilizofanya kazi, malipo ya siku za likizo zilizobaki, pamoja na cheti cha utumishi.
>
> Wako mtiifu,
>
> (saini)
> (Jina lako kamili)
> Namba ya ajira: ……
>
> Nakala: Ofisi ya Utumishi
> Inchaji, Wodi ya Wazazi

Angalia mpangilio. Tarehe ziko aya ya kwanza kabla ya shukrani, kwa sababu mtu wa utumishi anasoma mistari mitatu anaweka faili. Neno "siku yangu ya mwisho ya kazi ni" limeandikwa wazi, na siku ya wiki imetajwa pamoja na tarehe ili ukikosea moja nyingine ikusahihishe. Hakuna "natarajia", hakuna "kama itawezekana", hakuna "naomba kuacha kazi". Ukiandika naomba, mtu anaweza kukujibu ombi lako halijakubaliwa, na wewe hukuwa unaomba, ulikuwa unatoa taarifa. (Wa mkataba wa muda maalum ndo anaomba, kama nilivyosema juu.)

Sababu ya masomo ni sentensi moja tu pamoja na barua ya udahili. Usieleze kwa nini digrii, usiseme mshahara wa diploma hautoshi, wala usiseme hospitali haikukupa nafasi ya kusoma. Hata kama ni kweli. Barua hii inabaki kwenye faili lako miaka, na siku chuo kitakapowaleta wanafunzi mazoezini palepale hospitalini, utaingia wodi ileile ukiwa na koti la mwanafunzi.

Shukrani zisiwe maji

Aya ya shukrani ndo watu wananiuliza sana. Wengi wanaandika hivi: "Napenda kutoa shukrani zangu za dhati kwa ushirikiano mkubwa mlionipa kwa kipindi chote nilichokuwa hapa, Mungu awabariki sana." Sio vibaya, ila hata mhasibu anaweza kuiandika, hata dereva. Mganga mfawidhi ameshasoma kama hizo hamsini.

Chukua karatasi ujiulize vitu viwili tu: ni kitu gani cha mikono nilichokuwa sikijui nikakijua hapa, na ni nani alifanya jambo gani lililonisaidia nifike chuo. Nesi wa wodi ya upasuaji ataandika kidonda, nesi wa watoto ataandika kumpata mshipa mtoto aliyeishiwa maji, nesi wa ICU ataandika mashine ya kupumulia. Jambo moja au mawili, lililotokea kweli. Dada mmoja niliyemsaidia alikuwa hajui amshukuru nani, tukakaa kama nusu saa hana kitu, mwishoe akasema "yule inchaji wa zamani alikuwa ananikalisha baada ya ripoti ananiuliza kwa nini nimempa mgonjwa ile dawa". Nikamwambia andika hilohilo. Aliandika sentensi mbili, inchaji akaifanyia fotokopi akakaa nayo.

Tahadhari moja. Usimtaje mgonjwa, hata bila jina. "Yule mama wa mapacha wa mwezi wa nne" kwenye mji mdogo anajulikana. Siri ya mgonjwa haiishi kwa sababu unaandika barua nzuri. Na usiwataje wenzako kumi kwa majina maana utamsahau wa kumi na moja, wao waandikie kadi au uwaage kwenye kikao cha wodi.

Kama kweli hospitali ilikutesa na huna cha kushukuru, usitunge. Andika "Nashukuru kwa nafasi ya kufanya kazi wodi ya wazazi kuanzia mwaka 2020" uishie hapo. Malalamiko yana mahali pake, kwa mdomo kwa utumishi au kwa barua nyingine.

Kuikabidhi

Printi nne, saini zote nne kwa mkono. Moja ya mganga mfawidhi, moja ya utumishi, moja ya inchaji, moja yako. Ipeleke masijala au kwa katibu muhtasi, subiri aigonge muhuri wa kupokelewa na tarehe kwenye nakala yako, na kama wana kitabu cha dispachi wasaini humo pia. Muhuri huo ndo unaanzisha hesabu. Akikwambia acha tu nitagonga baadaye, mwambie kwa upole dada naomba unigongee sasa hivi nina shifti, na usiondoke. Kama hakuna muhuri, aandike kwa mkono "imepokelewa", tarehe, jina na saini.

Siku hiyohiyo tuma na picha ya barua iliyogongwa kwa barua pepe ya ofisi. Kutuma wasap kwa matroni ni adabu nzuri lakini peke yake usiitegemee.

Ndani ya notisi

Majibu utakayopata ni ya aina chache. Wakikujibu kwa barua kukubali na kutaja tarehe, linganisha tarehe na ya kwako, ikitofautiana andika siku hiyohiyo. Wakikaa kimya, notisi inaendelea kutembea, mkataba wa kudumu hausubiri kukubaliwa. Wakisema "hatujakubali mpaka apatikane mwingine", jibu kwa heshima kwamba umetoa notisi ya mkataba na siku yako ya mwisho inabaki ileile, na uko tayari kumfundisha atakayekuja ndani ya siku hizo. Na wakikwambia ondoka leoleo, hapo wanapaswa kukulipa kipindi cha notisi ulichokuwa ufanye kazi, omba waandike, usikubali kuondoka kwa maneno maana kesho utaambiwa ulitoroka.

Wewe nawe usitoroke. Kuna nesi akishatoa barua anaanza kuugua kila nait. Mikataba mingi inasema asiyetimiza notisi anamlipa mwajiri mshahara wa siku alizoacha, na hela hiyo inakatwa kwenye hayo malipo yako ya mwisho. Fanya shifti, na ukiumwa kweli leta karatasi ya daktari.

Kukabidhi anza wiki ya mwisho, usisubiri siku yenyewe. Wodi ya wazazi kitu cha kwanza ni kabati la dawa zinazodhibitiwa, pethidini na mofini. Hesabu ampuli na mtu wa pili mbele ya rejesta, namba ya kwenye kitabu na ya kwenye kabati zilingane, msaini wote wawili, ndo utoe funguo. Ukitoa funguo bila kuhesabu na wiki ijayo ikakosekana ampuli moja, jina la mwisho kwenye kitabu ni lako na wewe uko darasani mkoa mwingine. Halafu vitabu vya MTUHA, maliza mistari uliyoacha wazi kwa akina mama uliowazalisha wewe. Halafu mashine ya presha, ambu ya mtoto, vifaa vya kujifungulia ulivyosainia, kitambulisho na sare kama ni za hospitali. Andika yote kwenye karatasi moja, inchaji asaini, ndo uzunguke na fomu ya kliaransi kwa stoo, famasi, uhasibu na utumishi. Uhasibu nenda mapema, wao ndo wanaotafuta deni la zamani.

Kabla hujarudisha kitambulisho angalia michango yako ya NSSF kama imeingia miezi yote, ukikuta miezi imerukwa ni rahisi kuuliza ukiwa bado unakutana na mhasibu kantini. Leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga usiiache ife kwa sababu umekuwa mwanafunzi, utaihitaji ukitaka kushika shifti za likizo.

Malipo ya mwisho yakichelewa, kumbusha kwa barua, ambatanisha nakala yenye muhuri. Ikishindikana kabisa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea madai ya aina hiyo, fomu unajaza ndani ya siku 60 toka mgogoro ulipotokea, kwa hiyo usikae muhula mzima ukisubiri simu. Kiinua mgongo usikidai, kile cha siku saba kwa kila mwaka kinamhusu aliyeachishwa na mwajiri. Ila kama waliwahi kukuajiri ukiwa mkoa mwingine wakakuleta huku, uliza kuhusu gharama za kukurudisha ulikotoka, kifungu kipo.

Cheti cha utumishi ukikipata kisome hapohapo mlangoni mwa utumishi, jina kama lilivyo kwenye leseni, cheo, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuacha. Cha kwangu kilikuja na tarehe 30 badala ya 15, ile ya rosta iliyotokana na barua yangu ya kwanza. Nikatoa nakala yenye muhuri kwenye bahasha, dada wa utumishi akaangalia, akakichukua akaenda kuchapa kingine.